Magunia 3,000 na Hati Nne

Kila mwezi wa Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapowasilishwa bungeni Dodoma, habari inayotangulia ni ya hati. Halmashauri hii imepata hati safi, shirika lile limepata hati yenye shaka. Wa kwanza wanapongezwa, wa pili wanatakiwa kujieleza. Siku mbili tatu baadaye yanaanza maswali vijiweni: inakuwaje halmashauri ina hati safi, na ripoti hiyohiyo inasema kuna mapato yaliyokusanywa ambayo hayakufika benki?

Jibu limo katika sura ya ukaguzi ya vitabu vya uhasibu, sura ambayo wanafunzi wengi huiogopa kwa urefu wake. Inaanza na barua ya makubaliano ya kazi, inapita kwenye mipango, vihatarishi, sampuli na aina za ushahidi, na hati zenyewe zinakuja mwisho kabisa, msomaji akiwa ameshachoka. Mimi ningemshauri yeyote anayetaka kuifupisha aisome kinyumenyume. Hati huandikwa baada ya mkaguzi kujibu maswali mawili tu, na karibu kila kitu kilichotangulia katika sura hiyo ni maandalizi ya kuyajibu.

Swali la kwanza: tatizo ni kwamba hesabu zina kosa ninalolijua, au ni kwamba nimekosa ushahidi wa kujua kama zina kosa? La pili: tatizo hilo ni zito kiasi gani, na limekaa mahali pamoja au limeenea hesabu nzima? Tukiyashika hayo mawili, tunaweza kurudi mwanzo bila kupotea.

Tuitungie kazi kampuni ya kubuni iliyopo bonde la Kilombero, inayonunua mpunga kwa wakulima, kuukoboa na kuuza mchele. Mwaka wake wa hesabu unaishia tarehe 31 Desemba. Vitabu vyake vinaonyesha faida ya shilingi milioni 200 kabla ya kodi, na ghalani kuna magunia 3,000 ya mpunga yaliyonunuliwa kwa shilingi 90,000 kila moja. Kwa hiyo mpunga uliopo una thamani ya shilingi milioni 270.

Mkaguzi haanzi kwa kufungua mafaili. Kwanza anajiuliza kama anafaa kuifanya kazi hiyo: hana hisa humo, mkewe si mhasibu wa kampuni, haidai wala haidaiwi? Akiridhika, wanasaini barua ya makubaliano inayoeleza kwamba kuandaa hesabu ni jukumu la wenye kampuni, na kazi yake ni kuzitolea maoni. Watu wengi hudhani mkaguzi ndiye anayetengeneza hesabu. Akizitengeneza mwenyewe, atakuwa anajikagua.

Kisha anapanga, na kupanga maana yake ni kuijua biashara vya kutosha kutambua mahali inapoweza kupotoka. Katika kampuni hii ataona upesi kwamba msimu wa mavuno fedha taslimu nyingi hukabidhiwa wanunuzi wanaozunguka vijijini, kwamba mpunga ni mali isiyo na namba wala alama ya kuutofautisha na wa jirani, na kwamba benki iliyoikopesha kampuni inataka kuona ghala limejaa. Hapo ndipo atakapotumia muda wake mwingi. Samani za ofisi atazipitia haraka.

Katika hatua hiyohiyo anaweka kiwango cha uzito, yaani ukubwa wa kosa ambalo likiachwa linaweza kumpotosha mtu anayezitegemea hesabu hizo. Mazoea ya wakaguzi wengi kwa kampuni inayopata faida ni kuanzia asilimia 5 ya faida kabla ya kodi, ingawa hakuna sheria inayolazimisha namba hiyo. Kwa kampuni yetu ni shilingi milioni 10. Namba hii ndiyo chanzo cha kutoelewana kwingi kati ya wakaguzi na wananchi, na tutaikuta tena mbele.

Baada ya mipango anapima udhibiti wa ndani. Je, anayepima mzani ndiye anayelipa? Hati za malipo zina saini mbili kama utaratibu unavyotaka, au ya pili huwekwa mwisho wa mwezi kwa mkupuo? Udhibiti ukiwa imara, anaweza kupunguza wingi wa sampuli zake. Ukiwa legelege, ataongeza. Ndipo anaingia kwenye kazi kubwa ya kukusanya ushahidi wa namba zenyewe, na mwisho anafunga: anatazama yaliyotokea baada ya tarehe 31 Desemba, anapima kama kampuni itaweza kuendelea na shughuli, anapokea barua ya uthibitisho kutoka kwa menejimenti, kisha anaandika ripoti. Hatua kwenye vitabu zinaonekana kama ngazi, moja baada ya nyingine. Kazini hurudiwa, kwa sababu ushahidi wa Februari unaweza kuuvunja mpango wa Novemba.

Ushahidi ndio moyo wa sura hii. Si kila ushahidi una nguvu sawa, na kanuni ya kuupima ni rahisi kuikumbuka: tazama umetoka kwa nani, na umepita mikononi mwa nani kabla ya kukufikia. Alichokiona mkaguzi mwenyewe kina nguvu kuliko alichoambiwa. Karatasi iliyotoka kwa mtu wa nje ina nguvu kuliko iliyochapwa ndani ya kampuni. Maneno matupu ya meneja, hata ya meneja mwadilifu, yapo chini kabisa. Yanamwonyesha mkaguzi pa kutazama, lakini hayatoshi kuwa jibu.

Twende ghalani asubuhi ya tarehe 31 Desemba. Watumishi wa kampuni ndio wanaohesabu, mkaguzi anawatazama na kuhesabu upya sehemu yake. Anachagua mistari kwenye karatasi ya stoo na kuyatafuta magunia hayo sakafuni, apate kujua kama yaliyoandikwa yapo. Kisha anageuza: anachagua magunia sakafuni na kuyatafuta kwenye karatasi, apate kujua kama yaliyopo yote yameandikwa. Wanaoanza kazi hii hufanya upande mmoja tu na kudhani wamemaliza. Lakini magunia hewa hayaonekani kwa anayeanzia sakafuni, na magunia yaliyofichwa hayaonekani kwa anayeanzia kwenye karatasi.

Mlundo mkubwa ataomba upanguliwe mahali, kwa sababu mlundo unaweza kujengwa ukiwa na shimo katikati, na anayehesabu safu za nje akizidisha urefu kwa upana kwa kimo atayahesabu pia magunia ambayo hayapo. Atachagua machache yapandishwe mzani. Ataingiza mkono au bomba la sampuli kuona kama mpunga ni mkavu au umeota ukungu. Ataandika namba ya mwisho ya hati ya kupokelea mzigo iliyotumika siku hiyo, ili lori litakaloingia usiku wa mwaka mpya lisije likahesabiwa miaka miwili. Na atasoma maandishi kwenye magunia, jambo ambalo tutaliona lina maana gani.

Desturi ya mkaguzi kwenda ghalani ilinunuliwa kwa gharama. Mwaka 1938, nchini Marekani, ilibainika kwamba kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins ilikuwa na takribani dola milioni 19 za mali ya kubuni katika jumla ya mali iliyoandikwa dola milioni 87. Sehemu kubwa ilikuwa akiba ya dawa katika maghala yasiyokuwepo, na iliyobaki ni madeni ya wateja yasiyokuwepo. Rais wa kampuni hiyo alikuwa tapeli aliyewahi kufungwa, akiishi kwa jina jingine. Wakaguzi walikuwa wamepitia karatasi, na karatasi zilikuwa zinakubaliana. Wakati huo haikuwa kawaida kwenda kushuhudia mali ikihesabiwa, wala kuwaandikia wadaiwa. Mwaka uliofuata, taaluma ya ukaguzi nchini humo iliyaweka yote mawili katika taratibu zake.

Kuwaandikia watu wa nje ndiyo aina ya pili ya ushahidi inayostahili kutazamwa kwa karibu. Mkaguzi anaiandikia benki, au mteja anayedaiwa, naye anajibu moja kwa moja kwa mkaguzi. Nguvu yake yote imo katika maneno hayo, moja kwa moja. Mwaka 2003 kampuni ya maziwa ya Parmalat ya Italia ilianguka baada ya Bank of America kutamka kwamba akaunti iliyodaiwa kuwa na takribani euro bilioni 3.95, ya kampuni tanzu iliyopo visiwa vya Cayman, haipo, na kwamba barua iliyoithibitisha ilikuwa ya kughushi. Kwa sura, ule ulikuwa ushahidi wa daraja la juu, barua ya benki kubwa. Barua ya benki iliyopita mikononi mwa mteja imeshuka thamani na kuwa karatasi ya mteja. Ndiyo maana mkaguzi makini hutafuta mwenyewe anuani ya benki, na barua pepe ya mhasibu inayosema “benki wamenitumia hii, naambatanisha” haihesabu kuwa uthibitisho.

Upo pia ushahidi wa kulinganisha, ambao hautajwi sana lakini mara nyingi ndio unaoanza kunusa harufu. Kilo 100 za mpunga hutoa mchele wa kilo 65 hivi, kutegemea aina ya mbegu, ukavu na mashine. Kama vitabu vinasema kampuni ilikoboa magunia 10,000 ya kilo 100, mkaguzi anategemea tani 650 za mchele, zikipungua au kuzidi kidogo. Akikuta mauzo ya tani 560 na ghala la mchele ni tupu, tani 90 zina maswali. Huenda mashine ni mbovu, huenda kuna mauzo yasiyoandikwa. Kulinganisha hakumwambii ni lipi. Anaweza kutazama manunuzi ya umeme wa LUKU ya mwezi kwa mwezi, kwa kuwa kinu hakisagi bila umeme: mwezi ambao uniti zilipanda na mauzo hayakupanda ndio wa kuombea mafaili.

Sasa turudi kwenye maswali mawili, tuone ghala hilohilo likizaa hati tofauti.

Tuseme mkaguzi amehesabu na kukuta magunia 2,940. Yamepungua 60, sawa na shilingi milioni 5.4. Anaijulisha kampuni na kuitaka irekebishe. Kampuni ikikataa, na hakuna makosa mengine ya kuongezea, bado hati itakuwa safi, kwa kuwa kosa lipo chini ya milioni 10. Huenda magunia hayo 60 yameibwa. Wizi huo utaandikwa kwenye barua kwa menejimenti kama hoja ya ukaguzi, na mtunza ghala atatakiwa kuijibu, lakini hautaigusa hati. Hapa ndipo lilipo jibu la swali la vijiweni. Hati inasema kama hesabu zinaonyesha hali halisi katika mambo yote yenye uzito. Haisemi kwamba hakuna aliyeiba, wala kwamba fedha zilitumika kwa busara. Barabara iliyojengwa kwa bei mara mbili, ikalipwa na kuandikwa sawasawa, haiharibu hati. Itaonekana kwenye hoja, au kwenye ukaguzi wa ufanisi, ambao ni kazi nyingine.

Tuseme sasa magunia yote 3,000 yapo, lakini 400 yaliloa na kuota ukungu. Yanaweza kuuzwa kwa wafugaji kwa shilingi 30,000 gunia. Kanuni ya uhasibu inataka mali ya kuuza iandikwe kwa gharama yake au kwa bei inayoweza kupatikana, ipi iliyo ndogo. Kampuni inang’ang’ania 90,000. Tofauti ni shilingi 60,000 mara 400, yaani milioni 24. Hili mkaguzi analijua, na lina uzito, lakini limekaa mahali pamoja: ghala na faida. Msomaji akiambiwa apunguze milioni 24 katika sehemu hizo, hesabu zilizobaki anaweza kuzitegemea. Mkaguzi anatoa hati yenye shaka, na neno linalobeba hati hiyo ni “isipokuwa”.

Hati yenye shaka ina mlango wa pili. Tuseme magunia 500 kati ya yale 3,000 yapo kwenye ghala dogo la Mlimba, mvua zikaharibu barabara na mkaguzi hakufika. Thamani yake ni milioni 45. Hapa hajui kama kuna kosa. Anajaribu njia nyingine: hati za malori yaliyotoka huko Januari, mauzo yaliyofuata, risiti za EFD. Zikitosha, shaka inaondoka na hati inakuwa safi. Zisipotosha, ataandika “isipokuwa”, safari hii kwa athari zinazoweza kuwepo. Hati mbili zina jina moja, ila moja inasema kuna kosa na nyingine inasema sikuweza kuona. Magazeti huzichanganya, na aliyeathirika na mvua anaonekana sawa na aliyekataa kurekebisha.

Sasa yale maandishi kwenye magunia. Mkaguzi anapopita katikati ya milundo anaona majina yaliyoandikwa kwa kalamu nene: jina la mtu, kijiji, idadi. Katika maeneo ya mpunga wakulima wengi huhifadhi mazao yao kwenye vinu, wakisubiri bei ipande. Anaomba daftari la kupokelea, anazungumza na wakulima kadhaa, na inabainika kwamba magunia 2,200 ni yao. Kampuni imeyaandika kuwa yake. Mpunga wa milioni 198 unatoka ghalani kwa mstari mmoja wa kalamu. Kwa kuwa ulitiwa kwenye hesabu bila kununuliwa, ulikuwa umepunguza gharama za mauzo kwa kiasi kilekile. Faida ya milioni 200 inabaki milioni 2. Kodi iliyokadiriwa si sahihi, na mkopo uliotolewa kwa dhamana ya ghala umesimama juu ya mali ya watu wengine.

Kampuni ikikataa kurekebisha, neno “isipokuwa” halifai tena. Ukiandika “hesabu ziko sawa isipokuwa ghala, faida, kodi na dhamana ya mkopo”, hujabakisha kitu cha kuwa sawa. Kosa linajulikana na limeenea. Mkaguzi anatoa hati isiyoridhisha, akitamka kwamba hesabu hazionyeshi hali halisi. Hati hii hutolewa kwa nadra, na sababu yake ni ya kibinadamu: kampuni nyingi zikionyeshwa ukubwa wa kosa hukubali kurekebisha kabla ripoti haijasainiwa. Hesabu zikirekebishwa, hati inaweza kuwa safi kabisa, na msomaji wa nje hataona kwamba rasimu ya kwanza ilikuwaje.

Imebaki ya nne. Kompyuta ya mhasibu imeibwa na hakuna nakala ya kumbukumbu. Taarifa za benki zipo za akaunti moja kati ya tatu, mauzo ya taslimu hayana risiti, na mtunza ghala ameacha kazi Novemba bila kukabidhi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mkaguzi anayekuja kuitafuta hana pa kuanzia. Hawezi kusema hesabu ni za uongo, kwa kuwa hana ushahidi huo pia. Anachoweza kusema ni kwamba ameshindwa kutoa maoni. Mitaani hati hii na iliyotangulia zote huitwa chafu, lakini mantiki zake zinapishana: ya tatu imetokana na ushahidi mwingi, ya nne na ukosefu wake.

Tofauti hiyo ina matokeo. Meneja aliyeficha mambo angependa kushindwa kutoa maoni kuliko hati isiyoridhisha, kwa kuwa faili lisiloonekana halimtaji mtu. Viwango vya ukaguzi havimruhusu mkaguzi kumsaidia. Ikiwa amekwisha kupata ushahidi kwamba kosa limeenea, hawezi kujificha nyuma ya mafaili yaliyopotea. Na hata akishindwa kutoa maoni, lazima aeleze kwa nini, na makosa aliyoyafahamu ayataje.

Yapo pia maneno ambayo si hati ya tano ingawa hufanana nayo. Kampuni inaweza kuwa na hati safi, kisha chini yake kuna aya inayosema uwezo wake wa kuendelea na shughuli una mashaka makubwa. Kampuni imeeleza hali hiyo kwa ukweli katika hesabu, kwa hiyo hakuna kosa la kuitilia shaka hati. Mkulima aliyehifadhi magunia yake kwenye kinu hicho angeisoma aya hiyo kwanza. Kwa taarifa zilizoandaliwa kwa viwango vya sasa vya kimataifa si vigumu kuipata: maoni yanakaa mwanzo wa ripoti, yanafuatiwa mara moja na sehemu ya msingi wa maoni, yenye kiasi na sababu, na aya ya mashaka ya kuendelea ina kichwa chake yenyewe. Ni kurasa chache tu, na hazisomwi na wengi wanaoitangaza hati.